KAKAMEGA, lakini via wapi? Mabasi manne na abiria mmoja wa Mbale

Tuchukue abiria mmoja. Ni mama anayetoka Nakuru Ijumaa usiku kwenda Mbale, makao makuu ya kaunti ya Vihiga, kwa mazishi ya kesho yake. Ana begi moja na gunia la viazi. Hakukata tiketi mapema, kwa hivyo amesimama kando ya barabara kuu mahali ambapo mabasi yaliyoondoka Nairobi jioni hupunguza mwendo kutafuta watu wa kujaza viti vilivyobaki. Ni saa mbili usiku. Kabla ya saa tatu, mabasi manne yatakuwa yamesimama mbele yake. La kwanza limeandikwa MBALE. Matatu yaliyobaki yote yameandikwa KAKAMEGA. Na katika kila mojawapo kuna kijana mlangoni anayemwambia, "Mbale tunafika, mama, panda."

Kati ya hayo manne, ni moja tu litakalomshusha Mbale yake. Moja litamwacha kilomita chache kutoka hapo, moja litamfikisha Kakamega halafu arudi nyuma gizani, na moja linaelekea nchi nyingine kabisa. Tofauti hiyo yote imeandikwa kwenye vioo vya mbele. Shida ni kujua usome wapi, na usome nini pale ambapo hakujaandikwa kitu.

Barabara kwanza

Kibao hakisomeki kwa mtu asiyejua barabara inagawanyika wapi. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, kila basi linapita Salgaa na Sachangwan, liwe la Kisumu, la Eldoret au la Malaba. Kwa muda wa karibu saa moja hakuna tofauti ya kuonekana dirishani. Mgawanyiko uko Mau Summit. Hapo barabara ya kushoto inashuka Londiani, Kericho, Awasi, Ahero na Kisumu. Nyingine inaendelea Timboroa, Burnt Forest na Eldoret.

Sasa weka Kakamega mwisho wa safari. Kuna njia tatu za kufika, na zote hutumiwa. Ya kwanza inashika kushoto Mau Summit, inapita Kericho hadi Kisumu, halafu inapanda Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali na Khayega kabla ya kuingia Kakamega kutoka kusini. Ya pili inakwenda Eldoret, inageuka Kapsabet, inapita Kaimosi na Shamakhokho, inatokea Chavakali, kisha inapinda kulia kuelekea Kakamega. Ya tatu inakwenda Eldoret, Turbo na Webuye, halafu inateremka Malava na kuingia Kakamega kutoka kaskazini.

Angalia Mbale iko wapi katika hizo tatu. Iko kwenye ya kwanza tu. Njia ya Kapsabet inaingia barabara ya Kisumu hapo Chavakali, kaskazini ya Mbale, na kutoka hapo basi linaipa Mbale mgongo. Njia ya Webuye haiigusi Vihiga hata kidogo. Kwa hivyo neno KAKAMEGA peke yake halimwambii mama huyu lolote la maana. Kinachoamua safari yake ni jina linalofuata neno VIA.

Jambo hili linawapata zaidi wanaoshuka katikati. Anayekwenda Kakamega mjini atafika kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, na kosa lake kubwa litakuwa kuchelewa kidogo. Anayeshuka Majengo, Mbale, Malava au Kapsabet ndiye anayelala njiani. Kondakta anajua hivyo, lakini kiti kitupu kikitoka Nakuru kitupu, kuna uwezekano mkubwa kikae kitupu mpaka mwisho.

Mahali patatu pa maandishi

Basi la masafa marefu lina maandishi sehemu tatu, na uzito wake haulingani.

Kuna maandishi ya rangi au stika ubavuni na juu ya kioo: jina la kampuni na orodha ndefu ya miji. Hiyo ni orodha ya mahali kampuni inakofanya kazi, na safari ya leo ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Basi lenye KISUMU, KAKAMEGA, BUNGOMA na BUSIA ubavuni haliwezi kupita kote huko kwa safari moja. Maandishi hayo hayabadiliki basi likihamishwa njia, wala likiuzwa kwa kampuni nyingine kabla ya kupakwa rangi upya. Kwa kuchagua basi, usiyahesabu.

Juu ya kioo, ndani au nje, kuna kibao cha taa chenye herufi zinazotembea. Hiki kinaonekana kutoka mbali na ndicho watu wengi wanachokitegemea. Maandishi yake huingizwa kwa simu au kwa flashi, na mara nyingi yakishaingizwa huachwa hivyo kwa muda mrefu. Basi likibadilishiwa njia jioni hiyo stendi ya Nairobi, anayejua kukibadilisha huenda hayupo. Basi kibao kinaendelea kusema la jana.

Kingine ni kibao cha plastiki, cha mbao au cha katoni kinachosimamishwa ndani ya kioo, juu ya dashibodi, aghalabu upande wa kushoto karibu na mlango. Hakina mapambo, kinaweza kuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na usiku hakionekani mpaka usogee. Lakini hicho ndicho kilichowekwa na mtu kwa mkono kwa ajili ya safari hii. Kibao cha taa kikisema hivi na cha dashibodi kikisema vile, amini cha dashibodi, halafu uliza.

Nacho kina kasoro yake. Vingi vimeandikwa pande mbili, kwenda upande mmoja na kurudi upande mwingine, na vingine husahauliwa bila kugeuzwa. Ukiwa Nakuru ukaona kibao kinaanza na KAKAMEGA na kuishia NAIROBI, na basi lenyewe limetoka upande wa Nairobi, hakijageuzwa. Majina yenyewe bado yana faida, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi kwa kawaida ni ileile. Yasome kutoka mwisho.

Basi la kwanza: MBALE

Mama anaona jina lake likipita kwa taa nyekundu, herufi kubwa kabisa: MBALE. Hapa ndipo mtu aliyechoka anapobeba gunia.

Kuna Mbale nyingine, mji mkubwa wa mashariki ya Uganda chini ya Mlima Elgon. Basi la huko likitoka Nairobi linapita Nakuru kama yale mengine, linapita Eldoret, Webuye na Bungoma, na linavuka mpaka Malaba. Mtu wa Vihiga akipanda hilo, jina lililomwita litamfikisha kwenye foleni ya uhamiaji alfajiri.

Namna ya kuzitenganisha ni kutazama majina yanayoandamana na MBALE. Likiwa pamoja na MALABA au TORORO, ni ya Uganda. Likiwa pamoja na KISUMU, MAJENGO au CHAVAKALI, ni ya Vihiga. Likiwa peke yake kama mwisho wa safari kwenye basi kubwa la usiku, lichukulie kuwa ni la Uganda mpaka uthibitishe, kwa sababu mabasi makubwa yanayopita Mbale ya Vihiga kwa kawaida huandika Kakamega kama mwisho. Mbale kwao ni kituo cha katikati.

Tatizo la kijana wa mlangoni hapa ni kwamba hakudanganya. Aliulizwa "Mbale?" akajibu "Mbale." Kila mmoja alikuwa na mji wake kichwani. Ndiyo maana mtu wa Vihiga anayejua barabara husema "Mbale ya Majengo" au "Mbale Vihiga" hata akiona watu wanamwangalia.

Basi la pili: KAKAMEGA, bila VIA

La pili linakuja na taa za mbele zikiwa kali, kwa hivyo kibao cha dashibodi hakisomeki. Juu kunapita jina la kampuni, kisha salamu, kisha NAIROBI, kisha KAKAMEGA, kisha jina la kampuni tena.

Kibao kinachotembea kisomwe mzunguko mzima. Anza kuhesabu kwenye neno lolote, ngoja mpaka neno hilohilo lirudi, ndipo uamue kuwa umesoma chote. Wanaokosea huwa wamesoma neno moja likipita wakakimbilia mlango, na VIA ilikuwa inakuja nyuma yake. Ukijaribu kukipiga picha kwa simu, picha mara nyingi hutoka na mistari myeusi au nusu ya neno, kwa sababu taa hizo huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera huidaka. Video ya sekunde chache husaidia zaidi, ingawa nayo huenda ikawa na mistari.

Tazama pia kama kuna taa zilizokufa. Kipande cha kulia kikizimika, unabaki na mwanzo wa neno tu, na miji ya upande huu inafanana mwanzo kupita kiasi. KIS inaweza kuwa Kisumu au Kisii. KAP inaweza kuwa Kapsabet au Kapenguria. ELD inaweza kuwa Eldoret au Eldama Ravine. Neno lililokatika lisikamilishwe kwa matumaini ya msomaji.

Hili la pili limezunguka mara mbili bila VIA. Mama anasogea pembeni ya basi, ambapo taa hazimpigi machoni, na kutazama dashibodi kutoka upande wa mlango. Hakuna kibao. Hapo maandishi yameisha, na kinachobaki ni kuuliza.

Sasa kuna kuuliza na kuuliza. Swali la "Mnafika Mbale?" ni baya, kwa sababu jibu lake ni ndiyo au la, na ndiyo ndiyo inayoleta nauli. Tena mpiga debe wa Nakuru si mfanyakazi wa basi. Analipwa kwa kila abiria anayempandisha, na basi likiondoka yeye anabaki palepale. Swali zuri linampa mtu barabara mbili achague moja, bila kumwonyesha unayoitaka. Na linaulizwa kondakta mwenyewe, yule mwenye kitabu cha tiketi au mashine, au dereva kupitia dirisha.

"Kondakta, mkifika Mau Summit mnashika Kericho ama Eldoret?"

"Eldoret, mama. Wewe unaenda wapi?"

"Na Eldoret mnatoka na Kapsabet ama Webuye?"

"Webuye. Lakini tutakushusha Kakamega, utapata gari la Mbale hapo."

Kwa maswali mawili njia yote imejulikana. Na kondakta amesema kweli: kutoka Kakamega kuna matatu za kuelekea Mbale, kupitia Khayega na Chavakali, umbali wa zaidi ya kilomita 20. Ambacho hakukisema ni saa. Ukiondoka Nakuru baada ya saa mbili usiku kwa njia hiyo, Kakamega unaifikia usiku wa manane, wakati matatu za Mbale hazijaanza. Kwa safari ya mchana, jibu lake lingekuwa la kukubalika. Kwa mwenye gunia saa saba za usiku, hapana. Mama anaachana nalo.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini kampuni inaacha kibao bila VIA. Mara nyingine ni uzembe. Mara nyingine imefanywa makusudi, kwa sababu njia huamuliwa kwa idadi ya abiria. Mabasi mawili ya Kakamega yakikosa kujaa Nairobi, abiria huunganishwa katika moja, na basi hilo hufuata njia yenye watu wengi. Kibao kisicho na VIA hakimbani mtu. Na ipo sababu ya barabara yenyewe: wakati wa mvua kubwa, nyanda za Kano karibu na Ahero hufurika mto Nyando ukivunja kingo zake, na ajali kwenye mteremko wa Salgaa na Sachangwan hufunga barabara kwa saa nyingi. Dereva hubadilisha njia akiwa tayari safarini, na kibao kinabaki kilivyokuwa. Kwa hivyo hata kibao kizuri kinastahili swali la Mau Summit. Swali lenyewe halimchukui kondakta hata nusu dakika.

Basi la tatu: KAKAMEGA VIA KAPSABET

Hili lina kibao cha dashibodi kilicho safi: NAIROBI, NAKURU, ELDORET, KAPSABET, CHAVAKALI, KAKAMEGA. Hakuna haja ya kubahatisha.

Orodha kama hiyo isomwe kama njia, kwa mpangilio wake. Kila jina liko baada ya lile lililotangulia, na miji isiyoandikwa lakini iliyo katikati ya majina mawili inapitiwa pia. Kaimosi haikuandikwa, lakini iko kati ya Kapsabet na Chavakali, kwa hivyo basi linaipita. Mbale haikuandikwa, na haiko kati ya majina yoyote mawili hapo. Kati ya CHAVAKALI na KAKAMEGA kuna Khayega. Kufika Mbale kutoka Chavakali lazima ugeuke upande wa pili. Hiyo ndiyo kanuni ya kumsaidia mtu ambaye kituo chake ni kidogo mno kuandikwa: tafuta majina mawili ambayo kituo chako kiko katikati yake. Ukiyapata yote mawili, yakifuatana, panda. Ukipata moja tu, uliza.

Kufika si sawa na kusimama, hata hivyo. Basi la usiku linaweza kupita mahali bila kusimama, hasa likiwa la moja kwa moja. Kwa hivyo mwenye kituo kidogo ana maswali mawili: la njia, kisha "Mtanishusha Shamakhokho?"

Je, mama apande hili? Kwa maoni yetu, hili ni la akiba, na ni la akiba nzuri. Chavakali na Mbale ziko karibu, na mchana matatu za barabara ya Kisumu na Kakamega hazikauki hapo. Shida yake usiku huu ni ileile ya saa: atashuka Chavakali katikati ya usiku, na usafiri utakaokuwepo huenda ukawa bodaboda tu, na gunia la viazi nyuma ya bodaboda gizani si jambo la kumshauri mtu. Kama ana ndugu wa kumpokea Chavakali kwa gari, apande bila wasiwasi na awapigie simu basi likifika Kapsabet, ili wasikae barabarani muda mrefu. Kama hana, na bado ni saa tatu kasorobo, angoje.

Basi la nne: KAKAMEGA VIA KISUMU

La nne kibao chake cha taa kinasema KAKAMEGA VIA KISUMU, na cha dashibodi kina NAKURU, KERICHO, KISUMU, MAJENGO, KAKAMEGA. Vibao viwili vinakubaliana. Mbale iko kati ya MAJENGO na KAKAMEGA. Mama anauliza swali lake la Mau Summit hata hivyo, na jibu ni Kericho. Anauliza kama atashushwa Mbale, anaambiwa ndiyo, mjini, karibu na steji.

Kabla ya nauli kutoka mkononi au kwenye M-Pesa, mambo mawili bado. Tiketi iandikwe mahali pa kushuka, Mbale, hata kama nauli ni ileile ya Kakamega. Kondakta akibadilishwa Kisumu, wa pili atasoma tiketi. Na gunia liwekwe buti pamoja na mizigo ya wanaoshuka mapema, huku mwenyewe akiangalia. Mzigo wa Mbale ukizikwa chini ya mizigo ya Kakamega, utasikia kila mtu akikuharakisha saa saba na nusu usiku huku kijana akipapasa buti kwa tochi ya simu.

Pesa zisitangulie maswali haya. Nauli ikishalipwa, kondakta hana sababu ya kukurudishia, na ukigundua njia si yako utashuka ukiwa umeiacha ndani ya basi.

Kama basi hili lisingekuja, kulikuwa na njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kupanda lolote lililoandikwa KISUMU, au BUSIA VIA KISUMU, kushuka Kisumu na kungoja matatu za alfajiri za kwenda Kakamega. Mji una watu na taa usiku, na matatu hizo zinapita Mbale zenyewe. Kwa mzigo wake, Kisumu ni mahali pazuri pa kungojea kuliko Chavakali.

Ukishapanda

Mau Summit ndipo kibao kinapothibitishwa. Ni baada ya Sachangwan, karibu saa moja tangu Nakuru kama hakuna msongamano wa malori. Usilale kabla ya hapo. Basi likikunja kushoto, na baada ya muda ukaona vibao vya Londiani, uko njia ya Kericho. Likiendelea na baridi ikazidi, na jina linalofuata likawa Timboroa, uko njia ya Eldoret, kibao kiseme kisemavyo. Ramani ya simu inasaidia ukiwa umeifungua mapema, lakini majina mawili hayo yanatosha.

Ukigundua umekosea, usishuke papo hapo gizani Mau Summit au Timboroa. Mpe kondakta taarifa, na uende naye hadi mji wenye stendi inayofanya kazi usiku. Kwa aliye njia ya Eldoret, mji huo ni Eldoret wenyewe. Kutoka hapo, magari ya Kapsabet na Chavakali ndiyo ya mtu wa Vihiga, na yale ya Webuye na Kakamega ni ya mtu wa Malava. Aliyepitiwa na usingizi mpaka Webuye bado hajapotea sana, maana barabara ya Kakamega inaanzia hapo. Akipita Webuye kuelekea Bungoma, kila kilomita inamwongezea safari ya kurudi.

Kurudi Nakuru

Jumapili mama huyo anasimama Mbale upande wa pili wa barabara, na mtego umegeuka. Sasa kila basi limeandikwa NAIROBI, na anadhani lolote linapita Nakuru. Si lolote. Kutoka Kisumu na Kericho kuna njia mbili za kwenda Nairobi. Moja ni ya Mau Summit na Nakuru. Nyingine inatoka Kericho, inashika Litein, Bomet na Narok, halafu inatokea Mai Mahiu. Hii ya pili haifiki Nakuru kamwe, na madereva huishika hasa pale barabara ya Nakuru inapofungwa au kuwa na msongamano wa sikukuu.

Kwa hivyo atafute NAKURU kwenye kibao cha dashibodi, na asiridhike na NAIROBI. Akiona NAROK au BOMET, aliache lipite. Kama hakuna VIA, swali lake la kondakta sasa ni hili: "Mkifika Kericho mnashika Mau Summit ama Bomet?" Na akikuta tayari yuko ndani ya basi la Bomet, ashuke Kericho mjini. Matatu za Nakuru zipo hapo mchana kutwa, na nauli ya kutoka Kericho ni ndogo kuliko ile ya kufika Mai Mahiu kisha kupanda tena kurudi Naivasha, Gilgil na Nakuru.

Anayepanda Kakamega mjini kurudi Nakuru hana shida hiyo akipata basi la Webuye au la Kapsabet, kwa kuwa yote mawili hukutana Eldoret, na kutoka Eldoret basi la Nairobi hupita Nakuru.